Siku sarafu za mia mbili zilipokwisha: kisa cha konda wa Mtwara–Mikindani

Kwa nini kisa hiki

Niliwahi kuning'inia mlangoni miaka kadhaa kabla sijahamia upande wa kupokea hesabu. Siku hizi nawashikia daftari wenye magari wachache wa hapa Mtwara, na konda mpya akiajiriwa huletwa kwangu siku mbili tatu nimpe yale ambayo dereva hana muda wa kumfundisha. Kila mmoja huniuliza maswali yaleyale: abiria mkorofi unamfanyaje, trafiki unaongea naye vipi, mlevi unamshushaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu sarafu. Ndiyo maana natumia siku hii moja, ambayo nilikaa kiti cha nyuma ya dereva na daftari langu tangu alfajiri mpaka usiku.

Jina la konda, namba ya gari na vijiwe vyenyewe nimeviondoa. Konda mwenyewe alisikia nikimsomea andiko hili, akacheka mahali pamoja, akanuna mahali pawili, akaniruhusu.

Mazingira ya siku yenyewe

Gari ni Hiace, kipanya cha kawaida. Hulala Mikindani, na kazi yake ni kwenda Soko Kuu na kurudi, kupitia Mangamba, stendi ya Mkanaledi na Magomeni. Siku nzuri hupiga tripu 14, nikihesabu kwenda moja na kurudi moja. Hesabu ya tajiri ni 50,000. Mafuta ni juu ya dereva na konda, na kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu. Konda wetu alikuwa na miezi minne kazini. Kijana mwepesi, ana sauti, hakuwa mwizi. Hilo la mwisho nalitaja mapema kwa sababu mchana ule aliitwa mwizi mara tatu.

Nauli iliyobandikwa garini ilikuwa 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Hapa inabidi nisimame kidogo, maana kisa chote kimelala humo. Nauli ya daladala kwa njia zisizozidi kilomita 10 ilipandishwa na LATRA kutoka 500 kwenda 600 Desemba 2023, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Watu walilalamikia ile mia iliyoongezeka. Makonda walipata shida nyingine ambayo haikuandikwa popote. Zamani abiria akikupa buku ulimrudishia jero, sarafu moja, kazi imekwisha. Sasa anadai 400, na mia nne hazina sarafu yake. Ni mia mbili mbili.

Fanya hesabu zaidi utaona kitu cha ajabu. Akikupa 1,000 anarudishiwa 400. Akikupa 2,000 ni 1,400. Akikupa 5,000 ni 4,400, na wekundu wa Msimbazi ni 9,400. Noti iwe kubwa iwe ndogo, abiria anayejilipia peke yake kwa noti anakula sarafu mbili za mia mbili. Gari la watu 17, wakilipa kwa noti 11 tu, limekula sarafu 22 kabla halijafika mwisho.

Basi hizo sarafu hutoka wapi? Hutoka kwa wanafunzi. Mwanafunzi mmoja, sarafu moja ya mia mbili. Makonda wetu wanawachukia wanafunzi, wanawafungia mlango, wanamwambia dereva "vuta, hawa denti", kumbe watoto wale ndio wanaowajazia mfuko wa chenji kila asubuhi bila wao kujua. Wanafunzi 15 wa tripu ya kwanza ni chenji ya watu wazima saba wa tripu hiyohiyo, na inabaki sarafu moja ya mia mbili ya kuanzia.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufungwa, Desemba, msimu wa korosho ukiwa bado haujapoa. Mkulima siku hizi halipwi mkononi kwenye mizani. Korosho zinaingia ghalani kupitia chama cha msingi, zinapigwa mnada, na fedha inaingia kwenye akaunti yake benki. Akija mjini kuichukua, mashine inamtemea noti za elfu kumi, mpya, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Kwa hiyo siku ileile sarafu zimebaki nyumbani na madaftari ya shule, na noti kubwa zimeingia mjini kutoka vijijini. Konda wetu alijua yote mawili. Hakuyaunganisha.

Mambo yalivyokwenda

*Saa 11:40 alfajiri, Mikindani.* "Kuchele, kuchele! Soko Kuu hiyo, siti zipo!" Mfukoni alikuwa na chenji ya 8,000, yaani sarafu 30 za mia mbili na 20 za mia. Kwa siku ya shule inatosha. Abiria wa kwanza alikuwa mama wa samaki na ndoo zake mbili, ambaye hupanda gari hili karibu kila siku. Ndoo zikapangwa nyuma, maji ya barafu yakaanza kutiririka hadi miguuni kwangu. Nauli yake 600, mzigo jero, jumla 1,100. Akatoa elfu kumi.

"Mama, asubuhi yote hii?"

"Ndiyo niliyonayo, mwanangu. Nimelipwa deni jana usiku. Nikupe jioni?"

Konda alifikiri, akaitazama ile noti, akaitazama ile ndoo. "Haya mama, jioni. Usinikimbie tu."

"Nikukimbie niende wapi na ndoo hizi?"

Kama angeichukua, angepaswa kumrudishia 8,900, na chenji yake yote ya mfukoni isingetosha. Sababu aliyonipa baadaye haikuwa hesabu. Alisema alimwamini kwa kuwa mama yule hujua jina la mama yake. Sawa, lakini uamuzi ulikuwa sahihi, na ulikuja kumlipa kwa njia ambayo hakuitegemea.

Tripu ile hatukupakia mwanafunzi hata mmoja. Tulipofika Soko Kuu nilimwomba ahesabu. Zilikuwa zimebaki sarafu 14 za mia mbili.

*Saa 1 asubuhi, Soko Kuu.* Gari likiwa kwenye foleni ya kupakia, akaja kijana mmoja na mfuko wa nailoni uliojaa sarafu. Kazi yake ni hiyo, kuuza chenji. Unampa 10,000 anakupa 9,500.

"Mia tano ya nini?" konda akafoka. "Hela yangu unirudishie pungufu?"

"Basi kaka, usinunue. Nitakuona mchana."

Dereva akacheka. Konda akageuka, akaniambia mimi kama shahidi, "Huu si wizi, baba?" Nikanyamaza, kwa sababu nilikwenda kuangalia, si kufundisha. Nakiri kunyamaza kule kulinigharimu usingizi kidogo.

*Saa 3 kasoro, Mkanaledi.* Mzee ameshuka kwenye basi la kutoka vijijini, kofia ya kitambaa, mfuko wa rambo umekunjwa kwapani. Konda akamwamkia vizuri, "Shikamoo mzee, pita mbele hapa," akampisha kiti cha pembeni. Nauli ilipofika kwake akatoa noti ya elfu kumi kutoka kwenye kibunda kilichofungwa kwa mpira.

"Hakuna ndogo, mzee wangu?"

"Zote ziko hivi, mjukuu. Ndivyo mashine ilivyonipa."

"Haya, ukishuka nitakupa."

Neno "ukishuka" ndilo ghali kuliko yote katika kazi hii. Konda analisema kwa nia njema, akitumaini kwamba kati ya Mkanaledi na Soko Kuu atakusanya ndogo za kutosha. Lakini amelisema kwa mzee huyu, akalisema kwa dada wa kiti cha nyuma aliyetoa elfu tano, akalisema kwa fundi aliyetoa elfu mbili. Sasa ana madeni matatu kichwani, gari linasimama Magomeni, watu wanapanda na kushuka, na yeye bado anaita abiria.

Soko Kuu mzee akashuka taratibu, akasimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kipini cha mlango. Konda alikuwa ameshaanza kuita, "Mikindani, Mikindani!"

"Mjukuu, changu."

"Changu kipi mzee?"

Hakuwa anamdhulumu. Alikuwa amesahau kweli, niliona usoni. Lakini mzee naye hakuwa na namna ya kuona hivyo. Alipaza sauti, wapiga debe wakasogea, mama mmoja akasema hivi ndivyo wanavyowaibia wazee wenye hela za korosho. Ikabidi nimshuhudie mzee. Kisha kukawa na kazi ya kutafuta hizo 9,400 zenyewe, konda akakimbia duka la kwanza, la pili, akarudi na mafungu. Dakika sita nzima.

Dakika sita si nyingi. Ila Soko Kuu magari hupakia kwa zamu, na gari lisilokuwa tayari zamu yake inapofika hupitwa na la nyuma yake. Tulipitwa na mawili. Tukaondoka dakika 25 baadaye.

*Saa 4, kati ya Soko Kuu na Magomeni.* Sasa amekaribia kuishiwa kabisa, na hapo akaanza kuunganisha. Abiria watatu waliotoa buku buku walikuwa wanamdai mia nne kila mmoja, jumla 1,200. Akampa mmoja wao noti ya elfu moja na sarafu ya mia mbili: "Nyinyi watatu mgawane huko."

Kwa hesabu ni ujanja mzuri. Badala ya sarafu sita ametumia moja. Tatizo ni kwamba hakuwauliza wanashukia wapi. Kijana mmoja alikuwa anashuka Magomeni, wenzake wawili Mikindani. Noti haikatwi kwa mkasi. Kijana akasimama mlangoni anamtazama yule dada mwenye noti, dada anamtazama konda, konda anatazama barabarani.

"Dada, mpe mwenzio basi."

"Nimpe nini na mimi sina ndogo? Wewe ndiye konda."

Kijana alishuka na matusi badala ya mia nne yake. Dada naye akabaki na hela ya mtu asiyemjua, akaishika mkononi mpaka Mikindani kama anayeogopa kuitia mkobani.

*Saa 5.* Kijana wa chuo, vipokea sauti masikioni: "Konda, nipe namba nikurushie." Konda akafurahi, akaitaja. Ujumbe ukachelewa, kijana akashuka akionyesha simu yake kwamba imeshakwenda, na kweli ikaingia tulipofika mbele. Wengine watatu wakaiga. Ilisaidia, lakini hela hiyo iliingia kwenye simu binafsi ya konda, na usiku ilizua mazungumzo marefu kati yake na dereva kuhusu ilikuwa ngapi.

*Saa 6 mchana, Mangamba.* Hapa ndipo alipocheka nilipomsomea, na ndipo aliponuna.

Msichana wa kama miaka 15, sanduku la bati, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, anarudi nyumbani kutoka bweni. Hana sare. Akatoa sarafu moja ya mia mbili.

"Wewe, mia sita. Shule zimefungwa."

"Mimi mwanafunzi, kaka. Kitambulisho hiki hapa."

"Kitambulisho cha nini Desemba? Na sanduku na godoro, unakula viti vya watu wawili. Watu kama nyinyi ndio mnatutia hasara."

Mama aliyevaa sare ya uuguzi akaingilia, "Mwanangu, mtoto ana kitambulisho na amekuonyesha. Chukua hiyo mia mbili." Konda akaichukua kama aliyepewa kitu kilichooza. Mwanafunzi aliyejitambulisha hulipishwa nauli ya mwanafunzi. Kilichofungwa ni shule, uanafunzi wake haujafungwa. Mzigo angeweza kuutoza kwa adabu, hakuna ambaye angebisha.

Mama muuguzi akatoa noti yake, elfu mbili. Konda akapapasa mfuko, hakuna. Msichana alikuwa amefungua begi kurudisha kitambulisho, na ndani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Alipolisogeza likalia. Gari zima tulisikia. Sarafu.

"Mdogo wangu," konda sauti imebadilika, "hizo ni za mia mbili?"

"Ndiyo. Nimeweka akiba muhula mzima."

"Nipe za elfu tano nikupe noti."

Msichana akafunga begi. "Si umesema nakula viti vya watu?"

Gari likalipuka kwa kicheko. Mama muuguzi naye alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akasema chenji yake ya 1,400 anaitaka vilevile.

*Saa 8 mchana.* Tangu asubuhi alikuwa ameshawaachia watu saba washuke bila kulipa kwa sababu hakuwa na cha kuwarudishia. Hapo ndipo alipobadilika. Alianza kuuliza mlangoni, kabla mtu hajaweka mguu ndani: "Mwenye elfu kumi aseme sasa hivi, tusigombane mbele!" Wawili wakaghairi, wakachukua bajaji. Wengine wakaenda kibandani kuvunja wenyewe, wakarudi. Na akakumbuka ujanja ambao dereva alimnong'oneza: "Una mia? Nipe buku na mia, nikupe jero." Abiria anatoa 1,100, anarudishiwa sarafu moja ya mia tano, nauli 600 imebaki. Si kila mtu ana mia, lakini kila aliyekuwa nayo aliokoa sarafu mbili za mia mbili.

*Saa 12 jioni, Soko Kuu.* Mama wa samaki akarudi na ndoo tupu, kanga imelowa, amechoka. Samaki huuzwa kwa mafungu, la mia tano, la elfu moja, na wanunuzi wa jioni ni wapishi wa mitaani wenye ndogondogo. Akatoa 1,100 za asubuhi kwa sarafu kamili, na 600 za jioni.

"Mama, hizo unazo nyingi?"

Alifungua fundo la kanga. "Elfu kumi na mbili na kitu. Zinanichosha kubeba. Unazitaka?"

Alimpa noti safi, akapokea sarafu sawa kwa sawa, bila kukatwa hata senti. Tripu mbili za mwisho zilikwenda bila ugomvi hata mmoja.

Matokeo

Tripu 12 badala ya 14. Waliolipa mia sita walikuwa 196, wanafunzi wanne, na mizigo ikaleta 2,600. Jumla 121,000. Mafuta 48,000, hesabu ya tajiri 50,000, ushuru na kuosha gari 4,000, wapiga debe 3,000, chakula 6,000. Ikabaki 10,000, elfu tano kwa dereva na elfu tano kwa konda. Siku ya kawaida ya gari lile kila mmoja hupata kama elfu kumi na moja.

Uchambuzi

Konda mwenyewe aliamini hasara ya siku ile ni wale saba walioshuka bure. Hao ni 4,200. Inauma, lakini sipo hapo. Hasara kubwa ni zile tripu mbili, ambazo kila moja ingeleta karibu elfu kumi, ukitoa mafuta inabaki kama elfu sita. Na tripu hizo hazikupotea barabarani. Zilipotea mlangoni, dakika tatu hapa, sita pale, na kila dakika iliyoangukia Soko Kuu ilizaa nyingine nyingi kwa sababu ya zamu. Ndiyo maana konda anayegombania chenji Mangamba hapati hasara sawa na anayegombania chenji Soko Kuu. Kama lazima mtu acheleweshe gari, acheleweshe katikati ya njia, ambako hakuna anayesubiri nafasi yake.

Tukirudi kwa muuza chenji wa asubuhi, namwelewa konda. Kupewa 9,500 kwa elfu kumi kunachefua, na mimi mwenyewe sipendi biashara ile. Lakini tupige hesabu. Elfu tisa na mia tano kwa sarafu za mia mbili ni kama sarafu 47, zinatosha abiria 23. Gharama yake ni 500, yaani chini ya nauli ya abiria mmoja. Alikataa kupoteza mia tano saa moja asubuhi, akapoteza mia sita mara saba kabla ya saa nane, tukiacha zile tripu. Kosa lake si kukataa bei. Kosa ni kukataa bila kuwa na mahali pengine pa kupata, ilhali alijua shule zimefungwa.

Na mahali pengine palikuwepo, tena alipandishwa garini na ndoo zake. Muuza samaki, muuza mihogo, mama ntilie, wote wanamaliza siku na sarafu wasizozitaka, wakati konda anaanza siku akizitafuta. Kasoro ni ya saa tu: wao wanazo jioni, yeye anazihitaji alfajiri. Kwa hiyo chenji ya Jumanne hutafutwa Jumatatu saa 12 jioni, na inalala na konda. Konda wetu alizipata kwa bahati, kwa kuwa alimkopesha mama nauli ya asubuhi. Angemkatalia, mama angepanda gari la nyuma, na jioni sarafu zingeingia gari hilo.

"Ukishuka nitakupa" sisemi lisitumike kabisa, maana haliepukiki. Ninachowafundisha ni kwamba deni lisikae kichwani. Makonda wa zamani walikuwa wanakunja noti ya anayedai kwa urefu na kuiweka kati ya kidole cha mwisho na cha pembeni yake, mbali na noti nyingine. Maadamu noti ya mzee iko pale, haijaingia kwenye mauzo, na kidole kinakukumbusha. Konda wetu aliichanganya kwenye kibunda palepale, na akili ikaifuata. Pia wadai wawili kwa wakati mmoja wanatosha. Wa tatu akitoa noti kubwa, simamisha gari kwenye kibanda kabla hujafika mwisho.

Kuunganisha abiria ni halali kwa macho yangu ikiwa wanashuka pamoja na umewauliza kwanza. Kumbuka tu namba yake kwa nauli ya 600: watu watano wanaodai mia nne mia nne hufanya 2,000 kamili, noti moja, hakuna sarafu. Watatu wanahitaji sarafu moja. Wawili hawana faida yoyote, unajisumbua bure.

Kuuliza mlangoni kulifanya kazi vizuri, na nadhani ndio uamuzi wake bora wa siku nzima ingawa aliufikia akiwa amekasirika. Ulimpotezea abiria wawili waliokwenda kwa bajaji. Uliondoa ugomvi wote wa alasiri. Mzee wa Mkanaledi angeulizwa akiwa bado chini, angekuwa na muda wa kuvunja noti yake stendi, palipojaa vibanda.

Kuhusu kurushiana kwa simu, faida ipo, hasa kwa vijana. Lakini iingie kwenye namba ambayo dereva na konda wamekubaliana, na ujumbe usomwe kabla mlango haujafunguliwa. Usiku ule walibishana juu ya 2,400 kwa nusu saa, wote wawili wakiwa wakweli.

Limebaki la msichana. Nilipomsomea konda sehemu ile alinuna, akasema alikuwa na njaa na jua lilikuwa kali. Nikamuuliza, siku ya shule, tripu ya kwanza, sarafu zake hutoka kwa nani. Alinyamaza muda mrefu, akianza kuwahesabu kwa vidole watoto wa Mikindani anaowafungiaga mlango.

Januari shule zilipofunguliwa nilipanda tena gari lile asubuhi moja, bila daftari. Wanafunzi walikuwa wamebanana nyuma, kama kumi na nane hivi, na konda alikuwa anapokea mia mbili zao moja moja na kuziangusha kwenye kopo la maziwa alilolifunga kwa waya pembeni ya mlango.